Kabla hujakokotoa umakini binafsi kwa mkono: mambo ya kuzingatia

Umakini binafsi ni hesabu ambayo modeli ya lugha hutumia kuamua kila tokeni, yaani neno au kipande cha neno, izingatie zipi nyingine na kwa kiasi gani. Andaa karatasi ya miraba, penseli, kifutio na kikokotoo chenye kitufe cha eˣ. Kama kikokotoo chako hakina kitufe hicho, tafuta kingine kwanza, maana bila eˣ utakwama katikati. Juu kabisa ya karatasi andika fomula hii na usiifute hadi umalize:

```
softmax(Q Kᵀ / √d_k) V
```

Hakikisha pia unajua kila herufi inasimamia nini. Kila tokeni ya sentensi hupewa vekta tatu: ulizo (Q), yaani kile inachotafuta kwa wenzake, ufunguo (K), yaani kile inachojitambulisha nacho ili itafutwe, na thamani (V), yaani kile inachotoa ikishapatikana. Zote tatu hutoka kwenye vekta ile ile ya tokeni, ikizidishwa na matriki tatu tofauti za uzani. d_k ni urefu wa vekta ya ufunguo, ᵀ ni kugeuza safu mlalo kuwa safu wima, na `softmax` hupiga eˣ ya kila namba kisha huigawanya kwa jumla yao, ili upate uzani unaojumlika kuwa 1. Huko ni kuzidisha matriki kwa kawaida, sitakupotezea muda.

Sasa uchague namba za mfano, na hapa usifanye haraka. Karibu kila mtu huchagua tokeni mbili, vekta (1, 0) na (0, 1), na matriki za uzani ambazo hazibadilishi chochote. Hesabu inakuwa nyepesi, jibu linatoka zuri, na hujajifunza kitu.

Kuna kijana niliyepitia kazi yake aliyeanza hivyo hivyo. Alama zake, yaani namba za Q Kᵀ, baada ya kugawanywa kwa √2, zilikuwa 0.707 kwenye mshazari na 0 kwingineko. Akapiga `softmax`, akapata 0.670 na 0.330, akalinganisha na jibu la rafiki yake, yakafanana. Tatizo ni kwamba alipiga `softmax` kwa kushuka safu wima, badala ya kwenda na safu mlalo. Kwa namba zile hakuna ambaye angegundua: jedwali lake likigeuzwa linabaki lile lile, kwa hiyo mlalo na wima hutoa jibu moja.

Akaihamishia hesabu hiyo kwenye programu, akaandika `dim=-2`, yaani wima, palipotakiwa `dim=-1`, yaani mlalo, akaanza kufundisha modeli ndogo ya lugha yenye barakoa inayozuia tokeni isione zinazofuata. Kosa la modeli wakati wa mafunzo lilishuka vizuri sana, lakini alipoiambia iandike sentensi yenyewe ilitoa maneno yasiyoshikana. Alihangaika muda mrefu akibadilisha data na kasi ya kujifunza, vitu ambavyo havikuwa na hatia. Kilichomfichua mchawi ni jaribio dogo: tuliipa modeli sentensi ya tokeni tano, tukaandika tokeo la tokeni ya kwanza, kisha tukaongeza tokeni ya sita. Tokeo la ya kwanza likabadilika. Kwa modeli yenye barakoa hilo halipaswi kutokea hata kidogo. Ukipiga `softmax` kwa wima, kigawanyo cha kila ufunguo hujumlisha maulizo ya tokeni zote zinazofuata, na habari za mbele huvujia nyuma kupitia kigawanyo hicho ingawa barakoa ipo. Modeli ilikuwa inachungulia majibu wakati wa mafunzo, na wakati wa kuandika hapakuwa na majibu ya kuchungulia.

Kwa hiyo chagua namba zitakazokukatalia ukikosea. Chukua tokeni tatu, urefu wa Q na K uwe nne, urefu wa V uwe mbili. Kwa vipimo hivyo, ukisahau kuigeuza K matriki hazitazidishika kabisa, na utajua hapo hapo. Mimi hutumia hizi:

```
Q: (1, 0, 1, 2)   K: (2, 1, 0, 1)    V: (1, 0)
   (2, 0, 0, 0)      (0, 3, 2, 0)       (0, 2)
   (0, 2, 0, 0)      (1, 0, -1, 0)      (4, 4)
```

Chukua ulizo la kwanza na ufunguo wa kwanza, zidisha namba zenye nafasi moja, kisha jumlisha: 2 + 0 + 0 + 2 = 4. Kwa ufunguo wa pili unapata 2, kwa wa tatu 0. Gawanya kwa √4, yaani 2. Ukimaliza maulizo yote matatu, jedwali ni hili:

```
2  1  0
2  0  1
1  3  0
```

Lizungushie mshazari kwa macho: juu na chini havifanani. Hilo ndilo unalolitaka.

Kugawanya kufanyike kabla ya `softmax`, kamwe si baada yake, na kigawanyo ni kipeuo cha pili cha urefu wa ufunguo, si urefu wenyewe. Kadiri vekta inavyokuwa ndefu, ndivyo jumla ya mazao inavyotawanyika zaidi, na mtawanyiko huo hukua kwa √d_k pale namba zinapokuwa huru na za ukubwa mmoja. Usipougawanya, `softmax` humpa mmoja karibu kila kitu. Katika safu yetu ya kwanza, bila kugawanya, uzani wa kwanza ungekuwa 0.867, ukigawanya unakuwa 0.665. Jihadhari pia usichukue urefu wa vekta nzima ya tokeni. Transfoma ya mwaka 2017 ilikuwa na vekta za urefu wa 512 zilizogawanywa kwa vichwa 8, yaani hesabu nane za umakini zinazokwenda sambamba, kila kichwa kikiwa na 64, hivyo kigawanyo ni 8 na si kipeuo cha 512.

Sasa `softmax` ya safu mlalo ya kwanza. Toa kwanza namba kubwa ya safu hiyo, 2, ubaki na 0, −1, −2. Jibu halibadiliki na eˣ haikui kupita kiasi. Unapata 1, 0.368 na 0.135, jumla 1.503. Gawanya kila moja kwa jumla hiyo: 0.665, 0.245, 0.090. Jumlisha tena upate 1 kabla hujaendelea. Uhakiki huo ufanye safu kwa safu. Usijumlishe jedwali zima, kwa sababu jumla yake ni 3 hata ukiwa umekosea kwa kwenda wima. Kwa kosa hilo safu hii ingekuwa 0.422, 0.114, 0.212, na jumla yake 0.748 ingekusuta mara moja.

Mwisho zidisha uzani na thamani: 0.665 × (1, 0) + 0.245 × (0, 2) + 0.090 × (4, 4), jibu (1.025, 0.85). Namba za tokeo lazima ziwe kati ya ndogo na kubwa ya safu wima yake katika V. Ukipata 5 hapa, kuna uzani uliozidi.

Mengine ni ya kawaida. Tunza desimali tatu hadi mwisho. Barakoa iwekwe kabla ya `softmax`, kwa kuandika −∞ kwenye alama iliyozuiwa. Ukiweka 0, tokeni hiyo bado itapata uzani, kwani e⁰ ni 1. Vichwa vikiwa vingi, kila kimoja kipewe karatasi yake. Na unapobadilisha namba moja ya K, kokotoa upya safu wima nzima ya alama kisha `softmax` za safu zote.