Kuhamisha uso kwenye picha: linganisha macho kwanza

Juzi nilikuwa namweka marehemu babu wa mteja kwenye picha ya harusi, sura ikagoma kufanana. Sababu: mtu akicheka, mashavu hupanda, macho hufinyika. Nilichukua uso wa picha ya pasipoti, umekaza, nikaubandika kwenye kichwa cha mtu mwingine kinachocheka. Mashavu yakabaki ya mwenye kichwa, na nilipouvuta mdomo ufuate kicheko, wajukuu wakasema “huyu siye”. Sasa kabla ya kukata chochote nafunika midomo kwa kidole kwenye picha zote mbili. Macho yasipofinyika sawa, natafuta picha nyingine. Ila kichwa kikiwa kimegeukia upande tofauti, hata tabasamu lifanane vipi, hufanikiwi.