Somo: Ripoti ya kutokidhi vigezo, tangu kufunguliwa hadi kufungwa (mfano wa shafti ya milimita 25)

Ripoti nyingi za kutokidhi vigezo hufungwa siku marekebisho yanapowekwa. Hapo ndipo kosa lilipo. Siku hiyo unajua kwamba jambo limefanyika. Hujui kama limefanya kazi. Somo hili linafuata ripoti moja kwa hatua zake zote, na mfano nimeutunga kwa namba ambazo mtu wa karakana ya kukereza atazitambua.

Kazi yenyewe: shafti ya chuma inakerezwa kwenye mashine ya kompyuta. Mchoro unataka kipenyo cha mm 25 kwa daraja la h7, yaani kisizidi 25.000 na kisipungue 24.979. Nafasi yote ya kucheza ni mikroni 21. Mkaguzi hupima kila baada ya saa mbili. Saa 6:00 mchana vipande vilisoma karibu 24.990, safi kabisa. Saa 8:00 mchana vikasoma 25.010.

Hatua ya 1: Hakikisha kipimo kabla ya kuandika

Kipande kilichotoka mashineni sasa hivi ni cha moto. Chuma cha kawaida hutanuka takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa kipenyo cha mm 25, kipande chenye nyuzi 40 kitasoma mikroni 6 zaidi ya kile cha nyuzi 20, ambayo ndiyo halijoto rejea ya vipimo. Hiyo ni zaidi ya robo ya nafasi yote tuliyonayo. Kwa hiyo acha vipande vipoe, hakiki maikromita kwa bloku ya kupimia ya mm 25, kisha pima tena. Katika mfano wetu vipande vilivyopoa bado vilizidi. Kasoro ni ya kweli.

Kupoza vipande kusikucheleweshe kusimamisha mashine. Simamisha kwanza, pima ukiwa umetulia.

Hatua ya 2: Maelezo

Maelezo yana mambo matatu: kilichotakiwa, kilichoonekana, na ushahidi. Sababu haina nafasi hapa, hata kama unadhani unaijua. "Shafti ni nene, mwendeshaji hakuweka sawa" ni maelezo mabovu mara mbili: hayana namba, na yameshatoa hukumu. Yaandike hivi:

"Kipenyo cha shafti, mchoro toleo C, kinatakiwa 24.979 hadi 25.000. Vipande 5 vilivyochukuliwa saa 8:00 mchana na kupimwa baada ya kupoa vilisoma 25.007 hadi 25.013. Maikromita ilihakikiwa kwa bloku ya mm 25. Kipimo kizuri cha mwisho kilichoandikwa ni cha saa 6:00 mchana."

Sentensi ya mwisho wengi huisahau, ilhali ndiyo inayoendesha hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kuzuia

Swali la kuzuia ni moja: vipande vyote vinavyoshukiwa viko wapi? Mwendeshaji alisema alibadilisha ncha ya kukatia saa 6:20, hivyo kishawishi ni kuanza kuhesabu kuanzia hapo. Usifanye hivyo. Saa 6:20 ni maneno ya mtu. Saa 6:00 ni kipimo kilichoandikwa. Mpaka wa kuzuia huwekwa kwenye kipimo kizuri cha mwisho.

Kihesabu cha mashine kilionyesha vipande 83 tangu kipimo hicho. Kwenye trei kando ya mashine kulikuwa na 52, sehemu ya kuoshea 21, na meza ya kuunganisha 8. Jumla 81. Hapo ndipo ripoti nyingi huandika "vipande takriban 80 vimetengwa" na kuendelea. Viwili vilivyobaki vinaweza kuwa ndani ya mashine ya mteja. Vilitafutwa, vikakutwa kwenye benchi ya maabara ya vipimo, mkaguzi alikuwa amevichukua kama sampuli. Jumla 83, hesabu imefungwa. Vyote vikawekewa lebo nyekundu na kufungiwa eneo la kutengea. Lebo peke yake haitoshi, maana trei yenye lebo husogezwa na mtu mwenye haraka.

Kisha vyote 83 vikapimwa. Vizuri 13, vilivyozidi 70. Kwa kasi ya vipande 40 kwa saa, dakika 20 za kwanza zinatoa karibu vipande 13. Kumbe mwendeshaji alisema kweli, na sasa tuna ushahidi badala ya neno.

Uamuzi juu ya vile 70 una njia tatu: kuvifanyia kazi upya, kuvitupa skrepa, au kupata kibali cha kuvitumia vilivyo. Kibali hapa hakina maana kwa sababu shafti iliyozidi 25.000 inaweza kugoma kuingia kwenye tundu la habu. Kuvirudisha kwenye kerezo nako ni bure: ukitaka kuondoa mikroni chache hivyo, ncha inasugua badala ya kukata. Vilipelekwa kwenye grainda ya mviringo, vikapimwa tena kimoja kimoja. Vilivyopita ni 68. Viwili vilishuka chini ya 24.979 vikawa skrepa. Andika pia jina la aliyeidhinisha uamuzi. ISO 9001:2015, kifungu cha 8.7, inataka kumbukumbu ya kasoro, hatua zilizochukuliwa, vibali kama vipo, na mwenye mamlaka ya kuamua.

Hatua ya 4: Sababu na hatua ya kurekebisha

Kupeleka shafti grainda kumeokoa shafti tu. Chanzo hakijaguswa.

Kwa nini kipenyo kiliongezeka mikroni 20? Ncha mpya ilikaa mikroni 10 nyuma ya ile ya zamani, na kosa la ncha huhesabiwa mara mbili kwenye kipenyo. Ncha za kabaidi hazilingani kabisa, kwa hiyo hilo ni jambo la kutarajiwa. Kwa nini halikuonekana mara moja? Maelekezo ya kazi yanataka kupima kipande cha kwanza zamu inapoanza na bechi mpya inapoingia, hayataji kubadilisha ncha. Kwa nini? Yaliandikwa mchoro ulipokuwa toleo B, wenye nafasi pana ya mikroni 84. Toleo C lilipokuja, hakuna aliyerudi kuyasoma, kwa sababu fomu ya mabadiliko ya mchoro haiulizi habari za upimaji.

Sasa tuna vyanzo viwili, kimoja cha mashine na kimoja cha mfumo, kila kimoja na dawa yake. Kwenye mashine, programu imeongezewa kituo cha lazima baada ya kipande cha kwanza cha ncha mpya. Kwa mashine yenye makro za aina ya Fanuc, mwisho wa programu unaonekana hivi:

```
#500=#500+1
IF [#500 NE 1] GOTO 100
M00
N100 M30
```

Mwendeshaji akibadilisha ncha anairudisha `#500` kwenye sifuri. Kipande cha kwanza kikiisha mashine inasimama, anapima, anasahihisha, anaandika, ndipo anaendelea. Hakikisha kwanza kwamba `#500` haitumiki na programu nyingine. Kwenye mfumo, fomu ya mabadiliko ya mchoro imeongezewa mstari unaotaka mpango wa upimaji upitiwe upya, na mashine nyingine zenye kazi za daraja hilo zimekaguliwa kama zina pengo lilelile.

Mafunzo peke yake nisingeyapokea kama hatua ya kurekebisha. Mwendeshaji alifuata maelekezo yaliyokuwepo, ungemfundisha nini?

Hatua ya 5: Kuthibitisha na kufunga

Kigezo cha kufunga huandikwa kabla ya kuanza kungoja, na kipimwe kwa tukio lililoleta kasoro, si kwa kalenda. "Siku 30 bila kasoro" haina maana kama ndani ya siku hizo ncha haikubadilishwa. Kigezo chetu: mabadiliko 10 mfululizo ya ncha, yakigusa zamu zote, kila moja likiwa na kipimo cha kipande cha kwanza kilichoandikwa kabla ya cha pili kukatwa, na hakuna shafti iliyozidi iliyopita mashine hiyo.

Mthibitishaji asiwe yule aliyeweka marekebisho, na asihesabu kwa daftari la vipimo, maana daftari haliwezi kukuonyesha kisichoandikwa. Anahesabu ncha zilizochakaa kwenye kopo la stoo. Katika mfano wetu kopo lilikuwa na ncha 10, daftari lilikuwa na vipimo 9. Shafti zote zilikuwa nzuri, lakini ripoti haikufungwa. Ilibainika kwamba usiku maikromita hufungiwa maabara, hivyo mwendeshaji alibonyeza kuendelea bila kupima. Maikromita ikapewa makazi kando ya mashine, hesabu ikaanza upya kutoka sifuri. Mara ya pili ncha 10, vipimo 10. Ikafungwa.

---

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ncha ikivunjika ghafla mwendeshaji akasahau kurudisha sifuri, hicho kituo si hakitafanya kazi?*

Ni kweli, hakitafanya kazi. Udhaifu huo upo na uandikwe kwenye ripoti. Ndiyo sababu ya kuhesabu ncha za kopo, na ndiyo sababu ukaguzi wa kila saa mbili haukufutwa. Kama mashine yako ina kipimo cha ndani cha kugusa kipande, kitumie. Ni bora kuliko njia hii.

*Bosi wangu anataka ripoti zote zifungwe ndani ya siku 14. Sisi ncha hiyo tunaibadilisha mara moja kwa wiki. Nifanye nini?*

Tenganisha tarehe mbili: ya kukamilisha marekebisho na ya kuthibitisha. Ya kwanza ikae ndani ya siku 14, ya pili ifuate tukio. Na usilazimishe mabadiliko 10. Chagua 4 na upime vipande vitano vya kwanza badala ya kimoja. Ukishindwa kumshawishi, usiandike "imefungwa". Andika "imetekelezwa, inasubiri uthibitisho".

*Vile vipande 13 vizuri, mliviachia lini? Kwetu tunaambiwa bechi ikishikwa imeshikwa yote mpaka mwisho.*

Viliachiwa siku ileile baada ya kila kimoja kupimwa, kwa sahihi ya idara ya ubora. Kama mngepima sampuli tu, ningekubaliana na wakuu wako, kwa sababu bechi iliyochanganyika namna hii huwezi kuisafisha kwa sampuli.

*Samahani kwa swali la kizembe. Kama vipande vyote vimepona grainda, bado ripoti inahitajika?*

Si la kizembe hata kidogo. Inahitajika. Ungekuwa umegharamia kazi ya grainda isiyokuwemo kwenye mpango, na ncha inayofuata ingekuletea vipande vingine 70.

*Viwili vya skrepa navyo vinahitaji ripoti mpya?*

Hapana, viingie kwenye hiihii. Vikate au vipige rangi kabla havijatupwa, kwa sababu kwa macho havitofautiani na shafti nzuri.