Umeungua ughaibuni: kusoma kidonda kwenye ngozi nyeusi kabla ya kuamua kwenda hospitali

Simu ilinifikia karibu na magharibi. Kijana wa Tanga anayeishi na wenzake Coventry, Uingereza, sauti inamtetemeka. "Shikamoo dada. Nimejimwagia mafuta ya maandazi." Alikuwa analiondoa karai jikoni, mpini ukateleza, mafuta yakamshukia mkono wa kushoto kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko. Alikuwa ameweka mkono bombani dakika mbili, kisha mwenzake akampaka dawa ya meno. Sasa wanabishana: waende hospitali au wasubiri asubuhi?

Mimi ni nesi, na swali hilo naulizwa mara nyingi. Shida ni kwamba maelezo mengi ya huku yanakwambia utazame kama ngozi ni nyekundu, na ngozi zetu nyingi hazionyeshi wekundu. Mtu anaangalia, haoni nyekundu, anajiambia ni kidogo. Au lengelenge linapasuka, anaona waridi chini yake, anadhani ameungua mpaka nyama. Wote wawili wamekosea.

Swali la kwanza nililomuuliza halikuwa la rangi. Nilimuuliza imepita muda gani. Akasema kama dakika arobaini. Basi bado tuna nafasi, nikamwambia, kwa sababu maji yanasaidia hata ukianza ndani ya saa tatu tangu kuungua. Avue pete na saa kabla mkono haujavimba, aweke mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kwa saa ya ukutani. Barafu hapana, inabana mishipa na kuiumiza zaidi ngozi ambayo bado inaweza kupona. Dawa ya meno iondoke na maji yale yale, maana kando ya kutosaidia, inaficha rangi na daktari atalazimika kuikwangua. Mafuta, asali na ute wa yai ni hivyo hivyo. Kama nguo imeganda kwenye kidonda, usiivute, kata pembeni yake tu. Na mwili uliobaki uwe na joto, kwa sababu nyumba za huku ni baridi na mtoto mdogo anapoa haraka sana akiwa chini ya bomba.

Dakika 20 zilipokwisha ndipo tukaanza kuangalia. Nilimwambia aende dirishani kama bado kuna mwanga, au awashe tochi ya simu, kwa sababu taa ya jikoni ya manjano inafanya kila kitu kionekane sawa. Kisha anieleze mkono kipande kwa kipande, kwa sababu kuungua hakuna kina kimoja. Mafuta yanapokaa sana ndipo yanapochimba, na yanapopita tu yanaunguza juu juu.

Karibu na kiwiko aliniambia ngozi haijachubuka. Imekuwa nyeusi zaidi ya kawaida, kama imeivia, ni kavu, ina joto na inauma ukiigusa. Hiyo ni ngozi ya juu tu. Kwa mtu mweupe ingekuwa nyekundu kama ya aliyekaa juani, kwetu mara nyingi inageuka zambarau au kijivu, au haibadiliki kabisa, ndiyo maana mkono wako unaopapasa ni bora kuliko jicho. Sehemu kama hiyo inapona kwa wiki moja hivi, na hospitalini hata hawaihesabu wanapopima ukubwa wa kidonda.

Katikati ya mkono kulikuwa na malengelenge, moja limeshapasuka. Chini yake aliona waridi yenye majimaji, na hata upepo wa feni ulimuuma. Hapo ndipo alipoogopa zaidi. "Dada, nimefika kwenye nyama." Nikamwambia hapana. Rangi yetu nyeusi inakaa kwenye ngozi ya juu. Ngozi hiyo ikitoka, rangi inatoka nayo, na unachokiona ni ngozi ya pili, ambayo kwa kila mwanadamu ni waridi. Kwa hiyo waridi, majimaji na maumivu makali ni habari nzuri kuliko zinavyoonekana.

Ila jicho peke yake halitoshi, basi nikamwambia anawe mkono wa pili kwa sabuni na abonyeze taratibu pale penye waridi kwa kidole, ahesabu mbili, aachie. "Pamekuwa peupe, pamerudi," akasema. Pamerudi haraka? "Mara moja." Damu bado inazunguka vizuri chini pale. Kidonda cha namna hiyo kwa kawaida kinapona ndani ya wiki mbili. Kama lengelenge lingekuwa halijapasuka, nisingemwambia alipasue ili kuangalia. Ngozi ile juu yake ni kinga, na mwenye kuamua kuitoa ni wa hospitali.

Kisha tukafika mgongo wa mkono, karibu na vifundo vya vidole. Hapo palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu kubwa, jeupe la kijivujivu, kavu, halina majimaji. Nilimuuliza kama linauma. "Hapo ndipo pananipa nafuu, dada, hapaumi kabisa." Akibonyeza, hakuna kinachobadilika.

Hilo doa lisilouma ndilo lililonifanya nimwambie waite teksi usiku ule. Watu wengi wanapima kidonda cha moto kwa maumivu: kinauma sana basi ni kibaya, hakiumi basi ni afadhali. Moto ukichimba, unaunguza mishipa ya fahamu yenyewe, na kidonda kinanyamaza. Sehemu nyeupe kama nta, ya kahawia ngumu kama ngozi ya kiatu, au nyeusi kama mkaa, isiyouma na isiyobadilika ukiibonyeza, ni ya kina na haijiponyi vizuri. Inaweza kuhitaji kupandikizwa ngozi. Kuna nyingine ya udanganyifu: doa jekundu lililokolea, kama cheri, ambalo ukibonyeza halipauki. Damu imeganda ndani yake. Linafanana na kidonda chepesi lakini lichukulie kama la kina.

Hata bila lile doa, angepaswa kwenda, kwa sababu mbili nyingine. Moja, ni mkono, na mkono ukipona kwa kovu linalovuta, vidole havikunjiki tena. Uso, shingo, miguu, sehemu za siri na kila kiungo kinachokunjwa vinaingia humo humo. Pili ni ukubwa. Kiganja cha mwenye kuungua pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Uingereza ushauri ni kwamba kidonda kinachozidi ukubwa huo wa kiganja na vidole vya mgonjwa kionwe hospitalini. Pima kwa kiganja cha mtoto mwenyewe, si chako, maana hapo wazazi hukosea sana.

Kuna wanaopaswa kwenda bila kusubiri kuona kina. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee, kwa sababu ngozi yao ni nyembamba, na chai ambayo kwako imeshapoa bado inaweza kumchimba mtoto. Mwenye kisukari aliyeungua mguu, kwa kuwa wengi hawahisi: chupa ya mpira ya maji ya moto kitandani, au miguu iliyoegemezwa kwenye hita, wanagundua asubuhi. Mjamzito. Aliyeungua na kemikali au umeme, maana alama ndogo juu ya ngozi haisemi kilichotokea ndani. Na mwenye kidonda kilichozunguka mkono, kidole au mguu kama bangili, kwa sababu uvimbe unaweza kuzuia damu.

Usichukue teksi kama mtu alikuwa ndani ya chumba chenye moshi, sauti imekwaruza, anakohoa masizi, au nywele za puani zimeungua. Njia ya hewa inaweza kuvimba na kufunga wakati mko barabarani. Piga 999 Uingereza, 112 Ulaya bara, 911 Marekani na Kanada. Vivyo hivyo kama kidonda kinafikia viganja kumi vya mgonjwa, au mtu anazubaa na kutetemeka.

Kwenye simu usingoje waulize rangi. Sema mwenyewe: ngozi yangu ni nyeusi, wekundu hauonekani, lakini kuna sehemu nyeupe, kavu, isiyouma, ukubwa wake kadhaa, iko mahali fulani, na nimeimwagia maji dakika 20. Uingereza ukipiga 111 kwa jambo lisilo la kuita ambulensi, unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Naona wengi wanaona haya kuomba, kisha wanajibu "ndiyo" kwa maswali ambayo hawakuyaelewa.

Wengine wanachelewa kwa hofu ya bili au ya makaratasi. Uingereza, matibabu ndani ya idara ya dharura hayalipishwi kwa mtu yeyote. Ukilazwa ndipo taratibu nyingine zinaweza kuanza. Marekani, sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali nyingi zenye idara ya dharura kukupima na kukutuliza kwanza bila kujali bima wala hadhi ya uhamiaji. Bili itakuja, hilo sikufichi, na inaweza kuwa kubwa, lakini hujazuiwa mlangoni.

Kabla hajatoka nilimwambia apige picha mkono, pamoja na kipande cha ngozi nzima pembeni ili daktari alinganishe rangi. Kisha alaze juu ya kidonda karatasi ya plastiki ya kufungia chakula, vipande vilivyolazwa kwa urefu, si kuzungusha kama bendeji, kwa sababu mkono utavimba. Plastiki hiyo inazuia hewa, maumivu yanapungua, na daktari anaona bila kuitoa. Akameza paracetamol, wakaondoka.

Siku ya tatu alinipigia tena, analalamika kwamba kidonda kimeharibika. Pembezoni mwa lile doa, palipokuwa na waridi safi, pamekuwa na mabaka meupe na mekundu, na ukipabonyeza panachelewa kurudi. Hakukuwa na aliyekosea. Kidonda cha moto kinaendelea kubadilika siku mbili tatu za mwanzo, ndiyo maana hospitali humrudisha mgonjwa atazamwe upya, na hata madaktari wazoefu wa majeraha ya moto hukosea kina wanapotegemea jicho tu siku ya kwanza. Ukiambiwa urudi baada ya saa 48, usiache kurudi kwa sababu umepewa zamu kazini.

Kwa mtoto mdogo siku hizo hizo zina hatari nyingine. Hata kidonda kidogo, ukiona homa, vipele, kutapika, kuharisha au mtoto amelegea katika siku chache za mwanzo, rudi hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ameungua, hata kama kidonda chenyewe kinaonekana safi. Ni sumu ya bakteria inayoingia kwenye damu, na inakwenda haraka.

Mkono wa kijana wa Tanga ulipona kuanzia kwenye kiwiko kuja chini, kama tulivyousoma. Sehemu ya malengelenge ilifunga siku ya kumi na mbili. Doa la vifundoni halikufunga, walipandikiza ngozi kutoka pajani, na sasa anavaa glavu ya kubana usiku ili kovu lisinyanyuke.