Kupanga ratiba na bajeti ya andiko la utafiti kwa jedwali moja

Kosa linaloangusha maandiko mengi ya idara zenye fedha kidogo ni kuandika ratiba kivyake na bajeti kivyake. Ratiba inasema data zitakusanywa mwezi mmoja, huku bajeti ikilipa posho za siku kumi. Mhakiki hulinganisha kurasa hizo mbili kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 1: Hesabu kazi, si miezi, na uandike kila kazi na siku zake kwenye jedwali. Tuseme unahitaji kaya 300. Dodoso ni la dakika 50, lakini kuna kutembea, kusubiri na kurudi kwa wasiokuwepo, hivyo mdodosaji mmoja humaliza madodoso 5 kwa siku. Wadodosaji 4 watamaliza 20, yaani siku 15 uwandani. Ongeza siku 3 za mafunzo, 1 ya kujaribia dodoso na 3 za kufuatilia kaya zilizokosekana. Jumla ni siku 22.

Hatua ya 2: Toa bajeti kwenye jedwali hilo hilo. Wadodosaji 4 na msimamizi 1 kwa siku 22 ni posho 110. Gari halihitajiki siku za mafunzo, kwa hiyo ni siku 19. Zidisha kwa viwango vya chuo chako, si vya kubuni, kwa sababu mhasibu hatalipa zaidi ya waraka wa chuo hata kama mfadhili amekubali.

Hatua ya 3: Weka siku 22 kwenye kalenda. Hapa ndipo ratiba nyingi huvunjika. Muulize katibu wa kamati ya maadili tarehe za vikao, kisha panga kana kwamba andiko litarudishwa mara moja kwa marekebisho: vikao viwili, si kimoja. Ondoa wiki za mitihani, maana wahadhiri watakuwa wanasimamia na kusahihisha.

Halafu fuata njia ya fedha. Kama chuo hutoa masurufu, kwa kawaida hupati awamu ya pili kabla ya kurejesha ya kwanza kwa stakabadhi. Ukigawa kazi ya uwandani mara mbili, acha wiki kadhaa katikati kwa ajili ya marejesho, la sivyo kazi itasimama ukisubiri fedha, wadodosaji uliowafundisha watatawanyika na utalipia mafunzo upya.

Hatua ya 4: Bajeti ikizidi kikomo, punguza kazi. Usikate posho wala mafuta. Kazi itabaki ile ile na fedha zitaisha njiani. Shusha kaya hadi 240: uwandani zinabaki siku 12, na unaokoa posho 15 na siku 3 za gari. Kwa sampuli nasibu sahili, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, ukingo wa makosa kwa uwiano wa asilimia 50 unapanda kutoka takriban pointi za asilimia 5.7 hadi 6.3. Iandike tofauti hiyo kwenye maelezo ya bajeti, mfadhili aone ulichopunguza na gharama yake kwa matokeo.