Simu ya giga 8 imejaa: programu zipi zibaki, zipi zitoke

Mama mdogo wangu anauza unga kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Alinipa simu yake kwa sababu Play Store ilikuwa inakataa kila kitu. Alikuwa ameshafuta picha za ubatizo wa mtoto ili apate nafasi, na siku mbili baadaye simu ikajaa tena. Iliniuma, maana picha zile hazikuwa tatizo.

Kwenye boksi wameandika giga 8, lakini mfumo wenyewe unachukua karibu nusu. Yeye alibaki na giga 3.7 za kugawa.

Hatua ya 1: soma uzito halisi. Usiangalie mega zinazoandikwa Play Store. Ule ni uzito wa kupakua tu. Ingia Paramètres > Applications, chagua programu, kisha gusa Stockage. Utaona programu yenyewe, data yake, na cache. Facebook yake ilikuwa mega 510, na zaidi ya nusu ilikuwa data na cache. Ukigusa « Vider le cache » hupotezi kitu. Usiguse « Effacer les données » kwenye WhatsApp: ujumbe wote unaondoka.

Hatua ya 2: WhatsApp inabaki, lakini isafishwe. Wateja wake wako humo, kwa hiyo haitoki. Ilikuwa imekula giga 1.5. Fungua kisomaji cha mafaili, nenda Android > media > com.whatsapp > WhatsApp > Databases. Kila usiku WhatsApp inaweka hapo nakala ya mazungumzo, na inahifadhi za siku kadhaa, hadi saba. Yeye alikuwa na mafaili saba, kila moja mega 80 na kitu. Lile lisilo na tarehe kwenye jina, kama `msgstore.db.crypt14`, ndilo jipya zaidi: liache. Sita yenye tarehe tuliyafuta, zikarudi karibu mega 500.

Nakala hizo zitajazana tena. Dawa yake ni kupunguza mazungumzo yenyewe: futa ujumbe wa zamani kwenye makundi makubwa, na kila nakala itakayofuata itakuwa nyepesi. Halafu angalia Media > WhatsApp Video > Sent. Kila video uliyotuma inaweza kuwa na nakala yake pale. Kwake zilikuwa mega 340.

Hatua ya 3: badilisha zilizo na toleo jepesi la kweli. Facebook tuliitoa, tukaweka Facebook Lite. Hata baada ya wiki haikupita mega 60. Inakuwa nyepesi kwa sababu kazi nyingi inafanyika kwenye seva zao, si ndani ya simu. Ndiyo maana mtandao ukikatika haionyeshi karibu chochote, na picha zina ukungu kidogo. Kwa mtu anayetaka kusoma na kuandika, inatosha. Msitafute Messenger Lite wala YouTube Go. Wenyewe walizifunga, ya kwanza 2023, ya pili 2022. Anayewapa faili lake leo anawapa kitu ambacho hakitunzwi tena.

Hatua ya 4: zile zilizokuja na simu. YouTube haifutiki, lakini toleo la kiwandani linakaa sehemu ya mfumo, na masasisho yanakaa kwenye nafasi yako. Gusa « Désinstaller les mises à jour », kisha « Désactiver ». Ukiishia hatua ya kwanza, Play Store itayarudisha. Tulipata mega 180, na video anaangalia kwenye kivinjari. Usiguse Services Google Play wala Android System WebView, programu nyingine zinazitegemea.

Jumla: karibu giga moja na nusu.

Maswali ya wanachama

*Yaya, kuna kijana amenipa WhatsApp nyepesi kwa Bluetooth. Niiweke?*
Hapana, ndugu yangu. WhatsApp wenyewe hawana toleo jepesi. Zile zilizobadilishwa na watu wengine zinaweza kufanya namba yako ifungiwe, na hujui nani anasoma ujumbe wako.

*Nikinunua kadi ya giga 32, naweza kuhamishia programu huko?*
Picha na video, ndiyo. Programu nyingi hazihami, WhatsApp ikiwemo. Simu chache zinakubali kuunganisha kadi na nafasi ya ndani, lakini kadi ya bei ndogo itafanya simu iburuze, na ukiitoa programu zake hazifunguki.

*Nina programu za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Nikizifuta, pesa zangu?*
Ziko salama, mama. Pesa iko kwenye akaunti ya namba yako kwa kampuni, si ndani ya programu. Tumia menyu ya nyota na reli kama zamani. Haihitaji mega hata moja. Kabla ya kufuta, hakikisha tu unaikumbuka namba yako ya siri.