Kabla ya kununua dhahabu kwenye chati: stopu kwanza, loti baadaye

Hapa Lubumbashi tunaishi juu ya shaba, lakini vijana wanaofanya biashara kwa simu wengi wao wanafuata dhahabu, ile inayoandikwa XAUUSD. Wengi wana akaunti ya dola mia chache. Kwa mtu wa namna hiyo, swali kubwa la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni hili: stopu inayodaiwa na chati, yaani bei ya kukatia hasara, inaingia ndani ya pesa niliyo nayo? Tuchukue mfano wenye bei za kubuni. Akaunti ina dola 500, na mwenyewe ameamua biashara moja isimle zaidi ya asilimia 1, yaani dola 5.

Aanze na D1, ambapo mshumaa mmoja ni siku nzima. Bei inapanda ikiwa kila kilele kinapita kile cha nyuma na kila bonde linabaki juu ya lililotangulia. Kama inabidi uikodolee macho chati muda mrefu ndipo uone mwelekeo, basi mwelekeo haupo, na hiyo peke yake inatosha kuiacha. Katika mfano wetu bei inapanda, kwa hiyo anatafuta kununua tu.

Kisha ashuke H4, ambapo mshumaa mmoja ni saa nne. Bei ilikwama mara kadhaa kati ya 2,380 na 2,384, ikapenya, ikafika 2,401, na sasa imerudi. Eneo hilo lichorwe kama ukanda, lisiwe mstari mmoja, maana mikia ya mishumaa haigusi bei ileile kila mara. Anataka kununua kwa 2,386.

Sasa apime mtikisiko. Kipimo cha ATR(14) kinampa wastani wa mwendo wa mishumaa 14 ya mwisho. Tuseme kinasoma dola 12. Maana yake, bei inaweza kutembea dola 12 ndani ya saa nne bila jambo lolote kubadilika sokoni. Kwa hiyo stopu ikae chini ya ukanda, tena iachiwe nafasi ya nusu ya ATR: 2,380 kutoa 6 ni 2,374. Kutoka 2,386 hadi hapo ni dola 12.

Hesabu inayofuata ndiyo watu wengi wanairuka. Kwa broka wengi, loti 1 ya dhahabu ni wakia 100, hivyo loti 0.01, ambayo kwa kawaida ndiyo ndogo kabisa, ni wakia 1. Bei ikishuka dola 12, anapoteza dola 12, na yeye alijiwekea 5. Hapo kishawishi kinakuja: kuisogeza stopu hadi 2,381 ili hasara iwe dola 5. Hiyo bei iko katikati ya ukanda wenyewe, mahali ambapo mtikisiko wa kawaida utaigusa hata kama wazo la kununua lilikuwa sahihi. Stopu inatoka kwenye chati, loti inatoka kwenye stopu. Loti ikitoka ndogo kuliko ile broka anayoruhusu, biashara hiyo si ya akaunti hiyo. Aiache.

Hata mwenye dola 1,200, ambaye dola 12 ni asilimia 1 yake, atazame juu pia. Kilele cha 2,401 kiko umbali wa dola 15 tu, kabla ya kukata spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununua (Ask) na ya kuuza (Bid). Kuhatarisha 12 kupata chini ya 15 ni kidogo mno; mimi ningeiacha.

Kalenda nayo itazamwe, kwa sababu ATR inasoma yaliyopita na haijui habari inayokuja. Takwimu za ajira na za bei za Marekani hutoka saa nane na nusu mchana kwetu (14:30) wakati wa majira ya joto kwao, na saa moja baadaye wakati wa baridi. Dakika hizo spredi hupanuka na bei inaweza kuiruka stopu, ukafungiwa mbali na ulipoweka. Jumatatu soko linapofunguka yaweza kutokea hivyohivyo.

Anayeuza aongeze spredi juu ya stopu yake, maana stopu ya kuuza huguswa na bei ya Ask, na chati ya programu ya MT5 kwa kawaida inachorwa kwa Bid.

Na kwa mji ambao umeme unakatika: stopu iandikwe pamoja na oda. Ikishapokelewa inakaa kwenye seva ya broka, hata kompyuta ikizimika. Trailing Stop ya MT5 ni kitu kingine, inafanya kazi ndani ya kompyuta yako. Umeme ukienda inaacha kusogea.

Mwenye dola 500 anaweza kuuliza broka wake kama ana akaunti ya senti, ambayo kipimo chake ni kidogo zaidi. Afungue Specification ya XAUUSD, asome Contract Size na Minimal volume, halafu arudie hesabu ile ya dola 12 kwa namba atakazozikuta hapo.