Kushusha mpango wa mwaka hadi robo ya kwanza kwa OKR

Timu ya watu watano inayosindika mtindi inauza lita 200 kwa wiki kwenye maduka 20. Mpango wao wa mwaka unasema: tufike lita 400. Nitautumia mfano huu kuonyesha ninavyofanya kazi na mfumo wa OKR, yaani malengo na matokeo makuu, ule ulioanzia kampuni ya Intel kwa kiongozi wake Andy Grove, na mwekezaji John Doerr akaupeleka Google mwaka 1999.

Hatua ya 1: Usigawe kwa nne. Wengi huandika lita 250, 300, 350, 400, kisha wanakaa kusubiri. Badala yake, ulizeni ni nini kinachozuia leo. Daftari la oda lilionyesha kwamba kati ya maduka 20, ni 9 tu yanayoagiza kila wiki. Mengine huchukua mara moja, mtindi unachacha, yanaacha. Kutafuta maduka mapya kabla ya kuziba tundu hilo ni kupoteza nguvu.

Hatua ya 2: Andika lengo moja, kwa maneno ya kawaida. Wao waliandika: "Duka likishaanza kuuza mtindi wetu, lisiache." Lengo halina namba. Namba zinakuja chini yake.

Hatua ya 3: Andika matokeo matatu, kila moja na pa kuanzia na pa kufika.

- Maduka yanayoagiza kila wiki: kutoka 9 hadi 16.
- Mtindi unaorudishwa kwa wiki: kutoka lita 30 hadi 10.
- Maduka yanayopata mzigo kabla ya saa 2 asubuhi: kutoka 11 hadi 18.

Hapa ndipo timu nyingi huteleza. Mtu ataandika "kununua friji la pili". Hiyo ni kazi, si tokeo: friji linaweza kununuliwa na mtindi ukaendelea kuchacha. Nikiwa na shaka, huuliza: tukilimaliza hili na muuza duka asione tofauti yoyote, bado tutaliita ushindi? Jibu likiwa ndiyo, lipelekeni kwenye orodha ya kazi. Na kama hamjui pa kuanzia, tumieni wiki mbili kuhesabu kwanza.

Hatua ya 4: Kila Jumatatu, dakika 20. Kila tokeo lina mtu mmoja anayesoma namba yake na kusema kinachomkwamisha.

Hatua ya 5: Pimeni mwisho wa robo.

```
alama = (mlipofika - mlipoanza) / (mlipolenga - mlipoanza)
```

Maduka yalifika 14, yaani 5/7, sawa na 0.7, alama nzuri kwa lengo lililowekwa juu. Mtindi unaorudishwa ulishuka hadi lita 15: 0.75. Mzigo wa asubuhi uliishia maduka 13, alama 0.3 tu.

Someni alama hizo kwa pamoja. Maduka yaliongezeka ingawa mzigo uliendelea kuchelewa, kwa hiyo dalili ni kwamba kuchelewa hakukuwa kikwazo kikubwa. Robo ya pili timu ililiondoa tokeo hilo, na nafasi yake ikachukuliwa na idadi ya maduka mapya.